Na/Au kwenye Ukuta wa Kadutu

Larissa Nabintu haogopi majaji wala wateja wanaopiga meza. Anaogopa udongo. Tangu nianze kufanya kazi naye, katika kabine yetu ya maavokati, ofisi ya mawakili mjini Bukavu, si mbali na Nyawera, nimemwona akikatisha sentensi katikati kwa sababu tone la kwanza limegonga bati. Ananyamaza, anasikiliza, kisha anaendelea kuandika kana kwamba hakuna kitu. Mdogo wake Gloire alichukuliwa na tope walipokuwa watoto, pamoja na chumba alichokuwa analala, na habari hiyo Larissa huisema kwa maneno machache na kubadili mazungumzo.

Kazi yake ni kuandika mikataba. Anaandika ya kukodi nyumba, ya kuuza kiwanja, ya watu wawili wanaotaka kufungua famasi pamoja na tayari hawaaminiani. Si kazi ya kusifiwa. Mkataba mzuri ni ule ambao hakuna anayeufungua tena.

Ule wa ukuta haukuandikwa na yeye. Wakaaji wa avenue moja ya Kadutu, huko ambako nyumba zinakaa juu ya nyumba na paa la jirani linalingana na kizingiti chako, walikubaliana kujenga ukuta wa mawe wa kushika mteremko. Walimchagua Papa Apollinaire, mwalimu mstaafu, asaini kwa niaba yao. Mjenzi alikuwa enjenieri Modeste Akonkwa, mtu wa makamo, mwenye sauti ya chini na viatu vyenye tope siku zote. Wakaaji walitaka mkataba wa Kiswahili ili kila mmoja auelewe, kwa hiyo mtu fulani alichukua mfano wa Kifaransa na kuutafsiri. Kila palipokuwa na “et/ou”, aliandika “na/au”. Watu walisomewa, wakaitikia kwa kichwa, wakasaini.

Ukuta ulianza kupanda. Chini yake kabisa, nyumba ya kwanza, alikuwa akiishi Maman Eulalie, shangazi yake Larissa, dada ya marehemu baba yake. Ndiye aliyemlea baada ya Gloire kufa na mama yao kurudi kijijini Nyangezi akiwa hana tena moyo wa mji.

Asubuhi moja mwanzoni mwa majira ya mvua, simu ya Larissa ililia ofisini.

“Lari, udongo imepasuka,” alisema Maman Eulalie.

“Imepasuka wapi, Tante?”

“Kule juu, nyuma ya ukuta, penye nilipandaka viazi. Nilikuwa nalima, jembe ikaingia. Ikaenda yote, Lari. Nikaweka mukono, mukono nayo ikaingia.”

Niliona jinsi uso wa Larissa ulivyobadilika. Aliuliza ufa umeelekea wapi. Shangazi akamwambia umelala sambamba na ukuta, mrefu kama ukuta wenyewe. Akauliza kama shefu wa kazi, msimamizi wa wafanyakazi wa Modeste, ameuona.

“Ameona. Nikamuuliza, sasa tutoke? Akaniambia, hapana, maman, kontra inasema mvua na ufa. Ufa iko, mvua haiko. Tuko tunaendelea kujaza udongo.”

Larissa alichukua mkoba wake akaondoka bila kuaga.

Alipofika, jua lilikuwa linawaka, na hilo halikumtuliza. Alipanda ngazi za udongo hadi kwenye shamba dogo la viazi. Ufa ulikuwa pale. Si mpana, angeweza kuuziba kwa kiganja. Lakini ulikuwa na ukingo mkali, mpya, na upande wa ukuta ulikuwa umeshuka kidogo kuliko upande wa mlima, kama kipande cha mkate kinachoanza kuachana na kingine. Chini yake wafanyakazi walikuwa wanamwaga udongo mwekundu nyuma ya ukuta, wakiushindilia kwa miguu. Alitafuta changarawe kwa macho. Hakuiona. Aliona udongo tu, umegusana na mawe.

Alishuka hadi uani kwa shangazi na kuutazama ukuta kutoka chini. Matundu ya kutolea maji yalikuwepo, yamepangwa vizuri, vipande vya bomba vikichungulia katikati ya mawe. Mvua ilikuwa imenyesha juzi, tena nzuri. Alichuchumaa akaingiza kidole kwenye tundu la kwanza. Kavu. La pili, kavu. Kwenye la tatu kidole kilitoka na udongo uliogandamana.

Hapo hofu ilimshika kisawasawa. Haikuhitaji shahada ya ujenzi. Maji ya juzi yaliingia ardhini, na hayakutokea hapa. Basi yalikuwa bado mle ndani, nyuma ya mawe, yakisukuma.

“Tante, fungasha vitu.”

“Niende wapi? Kila mutu akisikia nimetoka, mwizi ataingia. Shefu amesema nibakie.”

“Tante, tafadhali.”

“Niletee karatasi yenye inasema nitoke, nitatoka. Jirani zangu pia watatoka. Kwa maneno yako peke yako, hapana. Watasema mutoto wa Eulalie anaogopa mvua.”

Aliyasema bila ubaya. Kila mtu pale mtaani alijua habari ya Gloire.

Larissa alikwenda moja kwa moja kwa Papa Apollinaire, nyumba ya tatu upande wa kushoto. Mzee alimtolea nakala yake ya mkataba kutoka kwenye bahasha ya plastiki. Kifungu cha saba kilikuwa kifupi. Larissa alikisoma kwa sauti:

“Mjenzi ataweka changarawe ya kupitisha maji nyuma ya ukuta na/au matundu ya kutolea maji ndani ya ukuta. Juu ya ukuta atajenga mfereji wa mawe na/au mfereji wa nusu-bomba za saruji. Mvua kubwa ikinyesha na/au ufa ukionekana kwenye udongo au kwenye ukuta, mjenzi atasimamisha kazi na kuzijulisha familia za chini ili zitoke.”

Aliweka karatasi magotini.

“Shida iko wapi, maître?” aliuliza, kwa cheo wanachoitwa mawakili hapa.

“Papa, hii ‘na/au’ iko mara tatu. Na kila mara mtu anaweza kusoma anavyotaka. Enjenieri amesoma ‘au’ pale juu, akaweka matundu peke yake. Halafu hapa chini amesoma ‘na’, anangoja mvua na ufa vije pamoja. Kila mahali amechukua ile inayompunguzia.”

“Basi tumupeleke tribunali!”

“Tribunali itachukua miezi. Na jaji atauliza, nyote wawili mlikuwa na nia gani? Ikishindikana kujua, yale mashaka yanamfaa mwenye kubeba wajibu. Mwenye kubeba ni yeye.”

Mzee alitazama mlango uliokuwa wazi. Juu ya ziwa, upande wa kisiwa cha Idjwi, mawingu yalikuwa yameanza kukaa.

“Basi andika ‘na’ kila pahali,” alisema. “Changarawe na matundu. Mufereji wa mawe na ya nusu-bomba. Yote. Tumumalize.”

Larissa aliniambia baadaye kwamba alitamani kukubali. Mifereji miwili juu ya paa la shangazi yake! Nani angekataa? Aliona maji yakigawanyika huku na huku, yakienda mbali na chumba cha Maman Eulalie. Lakini alimuuliza mzee swali moja.

“Papa, siku ile mlipopatana, mlisema mifereji miwili?”

Mzee alikuna kidevu. “Hapana,” alisema mwishowe. “Mumoja. Aliniuliza ninataka ya aina gani, nikamwambia, wewe ndiye fundi, chagua.”

“Basi tukiandika miwili, si kufafanua tena. Ni kudai kazi mpya. Ataona, atakusanya vyombo vyake, ataondoka. Ukuta utabaki nusu, na mvua ndiyo hii.”

Walimpigia Modeste. Alikuja haraka kuliko walivyotarajia, akakaa kwenye ncha ya kiti, kofia mkononi. Larissa alikuwa amejiandaa kukutana na mtu mwenye kiburi. Aliyekaa mbele yake alikuwa mtu mwenye woga kama yeye, ila woga wake ulikuwa wa namna nyingine.

“Munataka kunibadilishia kontra,” alisema kabla hajaulizwa. “Bei imeshafungwa. Mukiongeza kazi, nitalipa wafanyakazi na nini? Mimi najua mambo ya maavokati. Wanabadilisha herufi moja, kesho mutu anauza motokari yake.”

“Hatuongezi kitu,” alisema Larissa.

“Wewe ni mutoto wa Maman Eulalie. Nyumba ya tante yako ndiyo iko chini. Nitakuaminije?”

Papa Apollinaire alitaka kufoka, Larissa akamwekea mkono begani.

“Ni kweli,” alisema. “Ni shangazi yangu. Ninaogopa tangu asubuhi, hata chai hii ya Papa siwezi kuinywa. Kwa sababu hiyo usiniamini. Soma kila neno. Na ukitaka kumpelekea avokati wako asome, peleka. Lakini kwanza nijibuni ninyi wawili, bila karatasi. Mlipatana nini kuhusu maji?”

Aligeuza nakala zote mbili, ya mzee na ya Modeste, kifudifudi mezani. Nje, upepo ulivuta pazia la mlangoni, ukalirudisha. Larissa alilitazama pazia lile akahesabu pumzi zake.

“Mutu anayejenga ukuta ya mawe,” alisema Modeste polepole, “anatia changarawe nyuma na matundu mbele. Maji inapita mu changarawe, inafika ku tundu, inatoka. Bila changarawe, udongo inaziba tundu.”

“Ndivyo mlivyopatana?” aliuliza Larissa.

“Nilimuchorea hapa hapa.” Alionyesha meza. “Sikumudanganya, Papa. Nilikuwa na nia ya kuitia. Ile changarawe yenye ilikuwa itoke Nyangezi ilikawia, barabara ilikuwa mbaya. Shefu wangu akaniambia, patron, soma hapa, inasema ‘au’. Nikasoma. Nikaona kweli inasema ‘au’.” Alishusha macho. “Nikafurahi.”

Kuhusu mfereji, wote wawili walisema jambo moja: mmoja tu, na Modeste achague. Kuhusu kusimamisha kazi, mzee alisema walipatana kwamba chochote kinachoonekana, watu watoke kwanza. Modeste alifikiri, kisha akakubali. Mvua kubwa peke yake ilitosha kumtisha mtu yeyote mwenye akili, alisema, na ufa peke yake vilevile. Hakuna aliyezungumzia kungoja vyote viwili.

Larissa alitoa kompyuta yake na kuanza kuandika nyongeza ya mkataba, ile watu wa sheria wa mji huu wanayoiita avenant. Aliniambia kwamba katika kazi yake yote hakuwahi kuandika maneno machache kwa shida namna ile. “Na/au” moja ilitaka kuwa “na”. Nyingine ilitaka kuwa “au”. Ya tatu ilitaka kusema kwamba moja inatosha, na zote mbili pamoja pia zinatosha. Angeweka neno moja mahali pa zote tatu, angalau mara moja angewanyang’anya watu kitu walichopatana, au kumbebesha Modeste kitu ambacho hakukikubali.

Chumba kilikuwa kimeanza kuingia giza ingawa ilikuwa mchana. Mzee aliinuka kuwasha taa, umeme haukuwepo. Larissa aliendelea kwa mwanga wa kompyuta. Alipomaliza, alisoma:

“Kifungu cha saba, moja. Mjenzi ataweka vitu hivi vyote viwili: changarawe ya kupitisha maji nyuma ya ukuta, na matundu ya kutolea maji ndani ya ukuta. Kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

“Saba, mbili. Juu ya ukuta mjenzi atajenga mfereji mmoja. Utakuwa wa mawe au wa nusu-bomba za saruji, kwa chaguo la mjenzi.

“Saba, tatu. Mjenzi atasimamisha kazi na kuzijulisha mara moja familia za chini ili zitoke, likitokea lolote kati ya haya: mvua kubwa kunyesha, au ufa kuonekana kwenye udongo au kwenye ukuta. Moja peke yake linatosha. Yakitokea yote mawili, wajibu ni ule ule.”

Modeste alinyoosha mkono, akaichukua kompyuta, akasoma mwenyewe, midomo ikicheza. Alirudi juu ya ukurasa, akashuka tena. Kidole chake kilisimama.

“‘Mara moja,’” alisema. “Hii haikuwemo.”

Larissa alitazama. Haikuwemo. Hakukumbuka hata kuiandika. Vidole vyake vilikuwa vimeiweka vyenyewe, vidole vya mtu anayesikiliza upepo.

“Acha ibaki!” alisema Papa Apollinaire. “Ni maneno mawili. Yanamudhuru nani?”

“Leo ni mbili,” alisema Modeste, tayari amesimama. “Nilikuwa nimejua. Munaona? Nilikuwa nimejua.”

Hapo Larissa aliona jinsi kila kitu kingeweza kuvunjika. Mtu yule akitoka mlangoni, kesho asubuhi wafanyakazi wake wangeendelea kujaza udongo, au wasingekuja kabisa, na ufa ungebaki wazi, ukinywa. Na alijua vilevile kwamba anachodai Modeste ni haki. Walikuwa wamepatana kujulisha. Hawakuwa wamepatana kwa kasi gani. Neno lile lilikuwa zuri, lilikuwa la busara, na halikuwa lao.

“Samahani, enjenieri,” alisema. “Una haki. Nimeiweka kwa sababu ya woga wangu.” Akayafuta maneno yale mbele ya macho yake. “Angalia. Iko namna gani sasa?”

Modeste aliangalia. Alibaki amesimama, kofia ikizunguka mikononi.

“Kuna kingine ulichotia?”

“Soma tena. Usifanye haraka.”

Alisoma tena. Ngurumo ya kwanza ilisikika mbali, upande wa Kalehe, nzito, kama mtu anavuta kabati sakafuni. Larissa alifumba macho. Alitaka kupiga kelele kwamba asaini tu, asaini.

“Na mwisho andika kwamba vifungu vingine havikuguswa,” alisema Modeste. “Na bei.”

“Imo tayari. Hapa: ‘Nyongeza hii inafafanua kifungu cha saba kwa nia ya pande zote mbili tangu siku ya mkataba, na haibadilishi bei wala kifungu kingine chochote.’”

“Tangu siku ya mukataba,” alirudia Modeste. Alielewa maana yake. Sehemu ya ukuta iliyokwisha kujazwa bila changarawe ingebidi ifunguliwe, kwa gharama yake. Larissa hakumficha: alimwambia waziwazi kwamba ndivyo ilivyo, kwa sababu ndivyo walivyopatana.

“Kama unataka kwanza kumwonyesha avokati wako, tutangoja,” aliongeza.

Modeste alikwenda mlangoni. Alitazama mawingu, akatazama chini, kwenye mapaa yaliyobanana mpaka bondeni. Nguo zilikuwa bado zinaning’inia uani kwa Maman Eulalie, na mwanamke mmoja alikuwa anamwogesha mtoto ndani ya beseni chini kabisa ya ukuta.

Alitoa simu mfukoni.

“Josué,” alimwambia shefu wake wa kazi, “simamisha. Nimesema simamisha! Toa watu wote nyuma ya ukuta. Halafu shuka nyumba kwa nyumba, waambie watoke. Ndiyo, bila mvua. Ufa inatosha.”

Kisha akarudi akakaa. “Sasa tafuta pa kutolea karatasi,” alisema. “Nitasaini kabla mvua haijafika.”

Kulikuwa na duka la fotokopi barabarani, lenye jenereta. Larissa alikimbia akiwa na viatu mkononi. Alirudi na nakala za kila upande. Waliweka herufi za majina yao chini ya kila ukurasa, wakasaini mwishoni, na Larissa hakusaini kama shahidi kwa sababu ya shangazi yake. Jirani aliyeitwa Rosalie ndiye aliyeshuhudia, akiwa na unga wa muhogo mikononi.

Maman Eulalie alitoka, maana sasa karatasi ilikuwepo. Alitoka na godoro kichwani, sufuria mbili na picha ya Bikira Maria, akinung’unika. Majirani walitoka pia, wengine wakimlaani enjenieri, wengine wakimlaani Larissa. Walijazana kwenye chumba cha kwaya cha kapela moja, kanisa dogo juu ya barabara, na mvua ilipowafikia, mazungumzo yote yalikufa.

Ilinyesha kama inavyonyesha Bukavu inapokusudia. Bati liliunguruma kiasi kwamba mtoto akilia ulimwona tu akifungua mdomo. Larissa alikaa sakafuni, mgongo ukutani, mkono wa shangazi yake umeushika wake. Alikuwa anangoja sauti. Aliijua sauti ile. Hakuwahi kumweleza mtu inafananaje, na mimi sikumuuliza. Kila mara maji yalipobadilisha mlio mtaroni, kucha zake ziliingia kwenye kiganja cha mzee yule wa kike, na Maman Eulalie hakuutoa mkono.

Modeste alikuwa huko nje, chini ya mwavuli uliopinduka, akitazama ukuta wake.

Sauti ile haikuja. Mvua ilipungua, ikawa manyunyu, ikaisha. Watu walitoka kuangalia, wakakuta ukuta umesimama. Kwa sekunde chache kulikuwa na kicheko cha aibu, cha watu waliobeba magodoro bure.

“Munaona?” alisema mwanaume mmoja. “Tumetishwa na karatasi.”

Lakini Modeste hakucheka. Aliwaita waje uani kwa Maman Eulalie, si karibu sana. Katikati ya ukuta, pale palipokuwa pamenyooka asubuhi, mawe yalikuwa yametoka nje kama tumbo. Saruji katikati yake ilikuwa imeachia, na tope jembamba lilikuwa linatiririka humo, wakati matundu ya pembeni hayatoi hata tone. Mguu sasa ungeweza kuingia kwenye ufa wa juu.

Hakuna aliyerudi nyumbani siku ile, wala siku zilizofuata.

Kuufungua ukuta kulitisha kuliko mvua. Walianzia juu, wakitoa udongo nyuma kidogo kidogo kwa koleo ili kuupunguzia uzito, na Modeste hakuruhusu mtu asimame chini. Tope lilitoka zito, linanuka, maji yakibubujika kila walipochimba. Larissa alikuja kila asubuhi kabla ya ofisi, akasimama mbali, mikono ameikunja. Aliondoka kila mara akiwa na sura ya mtu aliyepewa siku moja zaidi tu.

Changarawe ilifika hatimaye, kwa lori lililokwama mara kadhaa. Waliipanga nyuma ya mawe kuanzia chini, wakajenga upya lile tumbo, wakasafisha matundu kwa nondo. Modeste alichagua mfereji wa mawe. Papa Apollinaire aliuzunguka siku ulipokamilika, akausifu, kisha akamnong’oneza Larissa.

“Bado ningetaka ile mufereji ingine pia.”

“Hata mimi, Papa,” alisema Larissa.

Na hilo ndilo lililokuwa likimsumbua. Aliniambia tukiwa tunakula maharagi ofisini. Alikuwa ameandika kile tu walichopatana, neno kwa neno, na kila upande ulipata chake. Lakini hakuna anayeweza kuuambia mlima walichopatana watu. Kama mfereji mmoja hautoshi, hautoshi, hata ukiwa umeandikwa vizuri namna gani.

“Unajuta?” nilimuuliza.

Alifikiri. “Hapana. Angeondoka. Nilimwona alivyosimama pale mlangoni.” Akasukuma sahani. “Ila ningefurahi kuwa na uhakika wa kitu kimoja maishani.”

Familia ziliporudi, Larissa alimsaidia shangazi yake kushusha mizigo. Ngazi zilikuwa na utelezi, na Maman Eulalie alikuwa anatoa amri kutoka nyuma: shika vizuri, usiangushe Bikira, sufuria ile si yangu, ni ya Rosalie. Walipofika uani, shangazi aliuangalia ukuta kwa muda, akasogea, akaingiza kidole kwenye tundu moja. Kilitoka na maji safi.

“Njoo uone,” alisema.

Larissa hakusogea. Alibaki mlangoni, godoro bado kichwani.

“Nimeona, Tante.”

“Kutoka huko?”

“Kutoka huku.”

Maman Eulalie alipangusa kidole kwenye kikwembe, kitenge alichojifunga. Hakumcheka wala hakumlazimisha. Alilishika godoro upande wa pili, na wawili wakaliingiza ndani, si katika chumba cha nyuma, upande wa ukuta, alichozoea kulala, bali cha mbele, karibu na mlango.

“Hapa?” aliuliza Larissa.

“Hapa,” alisema shangazi yake. “Kwa sasa.”